Siku 28, siku 21, siku 20: kanuni za utumishi zilivyojipinga zenyewe

Shirika lenyewe sitalitaja. Lina wafanyakazi 43, na tisa kati yao ni walinzi na madereva wanaofanya kazi siku sita kwa wiki. Waliobaki ni watu wa ofisini, Jumatatu hadi Ijumaa. Niliitwa kuhariri Kanuni za Utumishi, kurasa 58, kabla hazijapelekwa kwenye bodi, na maelekezo ya afisa utumishi yalikuwa mafupi: "Tunyooshee Kiswahili tu. Mambo ya ndani yako sawa, tumeyatumia miaka yote."

Kwenye usomaji wa kwanza sikuona tatizo. Naanza na hilo kwa sababu watu hudhani migongano ya waraka humrukia msomaji machoni. Hairuki. Ukurasa wa 14 ulisema mfanyakazi atapata likizo ya mwaka ya siku 28. Ukurasa wa 31 ukasema siku 21 za kazi. Kati ya hizo kurasa mbili kuna kurasa kumi na sita za posho, sare, matumizi ya gari na nidhamu. Ukifika ya 31 umeshasahau ya 14, tena akili inakusaidia vibaya: inaona neno "likizo", inaona namba, inaridhika. Kila sentensi peke yake ilikuwa safi.

Kilichonishtua ni fomu ya kuomba likizo, iliyobandikwa mwisho kama kiambatisho. Juu yake paliandikwa: "Siku unazostahili kwa mwaka: 20". Namba ya tatu. Hapo nikaweka kalamu ya lugha pembeni.

Niliacha kusoma kwa mpangilio wa kurasa nikaanza kuuchambua waraka. Nilichukua karatasi ya jedwali kwenye kompyuta, na kila sentensi inayompa mtu haki, inayomtwisha wajibu au inayoweka kikomo nikaitoa ilipo na kuipa mstari wake: nani, afanye nini au apate nini, kiasi gani, ndani ya muda gani, kwa idhini ya nani, na kifungu namba ngapi. Kurasa 58 zilizaa mistari 140 na kitu. Kisha nikaipanga upya kwa safu ya "nini" badala ya kifungu, ili vifungu vilivyokuwa vinaishi mbali vikae jirani. Likizo ya mwaka peke yake ilikuwa na mistari kumi na moja, kutoka sehemu nne tofauti.

Kuitafuta hiyo mistari kwa Ctrl+F kuna mtego ambao Kiswahili kimetutegea. Ukitafuta neno "anaruhusiwa" utapata "anaruhusiwa" na "wanaruhusiwa" tu. Hutapata "hataruhusiwa", "wasiporuhusiwa" wala "ruhusa", ilhali hayo ndiyo unayoyahitaji, maana kukanusha kwetu kumo ndani ya kitenzi chenyewe. Tafuta mzizi: `ruhus`, `stahil`, `idhin`, `kubali`. Pia namba huandikwa kwa sura mbili. Nilipotafuta `28` nilipata sehemu tatu. Nilipotafuta `ishirini` nikapata nyingine mbili, moja ikiwa "ishirini na nane" kwenye barua ya mfano ya ajira, pale pale ambapo mfanyakazi mpya anaweka saini. Nilitafuta vilevile `isipokuwa`, `bila kujali` na `kwa mujibu wa`, kwa sababu waandishi hupenda kuficha kanuni ya pili nyuma ya maneno hayo.

Si kila namba mbili zisizofanana zinapingana. Mfano wa haraka: kifungu cha 3 kilisema malipo yote yaidhinishwe na mkurugenzi, cha 8 kikasema mhasibu anaweza kulipa hadi shilingi 200,000 kutoka kwenye fedha ndogo ndogo. Yeyote aliyeandika cha 8 alikusudia kumwekea mhasibu mlango mdogo, ila alisahau kurudi cha 3 kuandika "isipokuwa". Hiyo ni kasoro ya kiungo, inatibiwa kwa neno moja, na mwenye waraka atakubali bila mjadala. Kipimo ninachotumia ni kumchukua mtu mmoja na tarehe moja, kisha nikamtembeza kwenye vifungu vyote viwili. Akiweza kuvitii vyote kwa siku hiyo hiyo, sina mgongano. Akikitii kimoja akawa amekivunja kingine, ninao.

Kwa hiyo nilimchukua karani wa ofisini, nikampa likizo inayoanza Jumatatu tarehe 1 Desemba 2025, nikafungua kalenda. Desemba niliichagua makusudi kwa sababu ina sikukuu nyingi: tarehe 9 Uhuru, 25 Krismasi, 26 siku inayofuata, kisha Mwaka Mpya.

Kwa siku 28 mfululizo, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikihesabiwa humo humo, likizo inaisha Jumapili tarehe 28 na karani anarudi kazini Jumatatu tarehe 29 Desemba. Kwa siku 20 za kazi, sikukuu zikirukwa, siku ya ishirini ni Jumatano tarehe 31. Tarehe 1 Januari ni sikukuu, kwa hiyo anarudi Ijumaa tarehe 2. Kwa siku 21 za kazi, hiyo Ijumaa nayo ni yake, anarudi Jumatatu tarehe 5 Januari 2026. Na akija mjuaji akasema "28" ya ukurasa wa 14 ilimaanisha siku za kazi, kwa kuwa hakuna palipoandikwa vinginevyo, karani yule yule haonekani ofisini mpaka Alhamisi tarehe 15 Januari, maana njiani kuna Mapinduzi tarehe 12.

Mtu mmoja, likizo moja, tarehe nne za kurudi. Jedwali hilo la mistari minne ndilo nililompelekea afisa utumishi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Bado. Naomba unisaidie: huyu karani anarudi lini?"

Aliangalia, akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Anarudi tarehe 5. Sisi tunahesabu 21." Akamwita mhasibu, kijana wa chumba cha pili. Mhasibu akasema bila kusita kwamba anarudi tarehe 2, kwa kuwa leja yake ya likizo inatoa siku 20 kama fomu inavyosema, na ile moja huwa anaiona kama "siku ya njiani" ambayo mkurugenzi huwaachia watu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kadhaa wakiwa na majibu mawili, na hawakuwa wamegombana kwa sababu hiyo siku moja ya tofauti ilizibwa na hisani.

Hisani ilikuwa inaficha shimo. Mhariri anayefuta namba mbili na kubakiza moja bila kuuliza zilitokea wapi anaweza kufuta ile iliyokuwa inamlinda mtu. Nikaomba mafaili ya zamani.

Waraka ulikuwa na mikono mitatu. Mwaka 2009 mwanasheria aliandika rasimu ya kwanza, na siku 28 ni zake. Alizitoa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya 2004, ambayo katika kifungu cha 31 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa walau siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, na sikukuu zinazoangukia humo zimo ndani ya hizo 28. Rasimu yake ya 2009 ilikuwa na neno "mfululizo". Kati ya hapo na leo, kuna mtu aliyepunguza maneno ili sentensi ipendeze, akalitoa. Pengine alikuwa mhariri kama mimi.

Mwaka 2016 akaja mshauri, akaandika upya sura ya sita yote. Hapo ndipo 21 za kazi zilipoingilia. Nilipoona namba hiyo nilihisi nimeiona mahali, na kweli: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa siku zisizopungua 21 za kazi baada ya kila miezi 12 mfululizo ya utumishi. Mshauri alikuwa ametumia kiolezo cha upande wa pili wa Namanga, akabadilisha majina, namba akaiacha. Ushahidi mwingine ulikuwa kwenye lugha: sura ya sita peke yake ilisema "likizo ya kila mwaka yenye malipo kamili" na "meneja wa laini", maneno ambayo hayapo kwingine kote humo. Ukiona sura moja inazungumza lahaja yake, iwekee alama. Mara nyingi ina sheria yake pia.

Fomu yenye 20 ilitengenezwa na mhasibu aliyetangulia, mwaka 2021. Yeye alijua 28 za sheria ni wiki nne, na wiki nne za Jumatatu hadi Ijumaa ni siku 20, hivyo akaandika 20. Alikuwa sahihi kuliko wote kwa hesabu, ila hakuandika "za kazi" mbele ya namba yake, naye hakuwa akiwafikiria walinzi.

Kwa mtu wa siku tano kwa wiki, 28 mfululizo na 20 za kazi karibu ni kitu kimoja. Aanze Jumatatu au Jumatano, siku 20 za kazi pamoja na Jumamosi na Jumapili zake hazimpi chini ya siku 28 nje ya ofisi, na sikukuu zikirukwa zinamwongezea. Kwa hiyo kati ya ukurasa wa 14 na fomu, kwa karani, palikuwa na maneno mawili ya jambo lile lile, na 21 ilikuwa ni siku moja ya ziada juu ya kiwango cha sheria. Mwajiri anaruhusiwa kutoa zaidi. Ukiishia hapo utasema ni suala la usemi, chagua moja upite.

Mtembeze mlinzi sasa. Wiki yake ina siku sita za kazi. Siku 20 za kazi kwake ni wiki tatu na siku mbili: akianza Jumatatu anamaliza Jumanne ya wiki ya nne, siku 23 kwa kalenda. Siku 21 zinamfikisha Jumatano, siku 24. Sheria inamdai mwajiri 28. Ili mlinzi azifikie kwa hesabu ya siku za kazi anahitaji 24. Namba ile ile iliyomzidishia karani ilikuwa inampunja mlinzi siku tatu za kazi, mwezi ukiwa hauna sikukuu.

Mhasibu alinyamaza muda, kisha akasema, "Kaka, walinzi hawajawahi kulalamika." Nilimjibu kwamba huenda hawajawahi kuzisoma kurasa mbili hizo kwa pamoja. Mimi mwenyewe nilizisoma nikapita.

Chanzo cha mgongano, basi, hakikuwa kwenye namba. Kilikuwa kwenye neno "siku", ambalo lilitumika mara zaidi ya themanini bila kupewa tafsiri hata mara moja. Sehemu ya tafsiri, kifungu cha 2, ilieleza maana ya "shirika", "mkurugenzi", hata "gari", lakini "siku" ikaachwa kwa kudhani kila mtu anaijua. Nilirudi kwenye jedwali, nikaongeza safu moja: siku ya aina gani? Mfululizo, ya kazi, au haisemi? Kwenye mistari ya likizo, notisi, rufaa za nidhamu na kurejesha masurufu, zaidi ya nusu ilikuwa "haisemi". Mingi haikuwa na madhara. Rufaa "ndani ya siku 7" ilikuwa na madhara, kwa mtu aliyepewa barua Ijumaa kabla ya wiki ya Pasaka.

Mgongano wa pili mkubwa ulijificha zaidi, kwa kuwa pande zake hazikuwa na hata neno moja la pamoja.

Kifungu cha 2 kilitafsiri mwaka wa likizo kuwa miezi 12 tangu tarehe ya kuajiriwa. Kifungu cha 6.7 kilisema likizo isiyochukuliwa hadi 31 Desemba itafutika. Fomu ikawa na kisanduku: "Siku zilizobaki mwaka uliopita (mwisho kutumika 30 Juni)". Kwenye jedwali hivi vilikaa sehemu tatu, kwa sababu kimoja ni tafsiri, kingine ni kikomo, kingine ni kisanduku cha kujaza. Nilivikutanisha nilipomtembeza mtu: dada wa mapokezi, aliyeajiriwa tarehe 1 Septemba. Mwaka wake wa likizo kwa tafsiri unaisha 31 Agosti. Kwa 6.7, siku zake zilizobaki zinakufa miezi minne baadaye. Kwa fomu zinaishi miezi kumi. Kwa sheria, mwajiri ndiye mwenye kupanga likizo ichukuliwe lini, lakini isipite miezi sita baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 ikiwa mwajiriwa ameridhia na kazi inalazimu hivyo. Kwake yeye, miezi sita ni mwisho wa Februari. Tarehe tatu, na hakuna mbili zinazokubaliana.

Nilikaa na hizo tarehe karibu siku nzima kabla ya kuona kilichokuwa wazi. Ile 30 Juni haikuwa ya kubuni. Ni miezi sita kamili baada ya 31 Desemba. Aliyetengeneza fomu alikuwa anafuata sheria vizuri, ila mwaka uliokuwa kichwani mwake ulianza Januari, wala hakuwa na habari ya tafsiri ya kifungu cha 2. Naye aliyeandika 6.7 alikuwa na mwaka huo huo wa Januari, pamoja na ukali wa kwake. Vifungu viwili vinaweza kugongana huku kila kimoja kikiwa na akili kwenye mwaka wake. Ukipatanisha tarehe kabla ya kupatanisha mwaka, utazalisha mgongano mwingine.

Hapo mhariri anafika ukingoni mwa kazi yake. Naweza kuonyesha kwamba vifungu vinapingana, naweza kuonyesha kila kimoja kilitoka wapi na kinamgharimu nani, lakini siwezi kuamua kipi kishinde. Kuchagua 28 badala ya 21 ni kumnyang'anya karani siku aliyoizoea tangu 2016, na barua yake ya ajira inazitaja kanuni hizi kama sehemu ya masharti yake. Kuchagua 21 kwa wote ni kuandika kwa hati nzuri jambo ambalo kwa mlinzi liko chini ya sheria. Uamuzi wa namna hiyo una mwenyewe.

Nilitarajia waraka wenyewe ungesaidia, kwa kuwa nyaraka nyingi zina kifungu kinachosema nini kitawale pakitokea mgongano. Huu ulikuwa navyo viwili. Cha 1.4 kilisema kanuni zikipingana na mkataba wa ajira, mkataba utatawala. Cha 12.2 kilisema kanuni hizi ndizo zitakazotawala juu ya makubaliano mengine yote. Nilicheka peke yangu ofisini.

Nilichoandika kwa uongozi kilikuwa dokezo la kurasa mbili. Sikuandika orodha ya makosa, kwa maana orodha ya makosa inawafanya watu wajitetee. Kwa kila mgongano niliweka maneno ya vifungu kama yalivyo, mfano wa mtu mmoja na tarehe zake, chanzo cha kila upande na mwaka wake, kisha njia mbili au tatu za kutokea, kila moja na anayepata na anayepoteza. Kwa likizo ya mwaka njia zilikuwa tatu. Kurudi kwenye siku 28 mfululizo kwa wote, jambo lililo rahisi kuandika na gumu kwa watu wa ofisini. Kubaki na 21 za kazi kwa wote, na hapo niliandika wazi kwamba kwa walinzi haifikii kiwango. Au kutumia siku za kazi huku kila kundi likiwa na namba yake: 21 kwa wa siku tano, 25 kwa wa siku sita, kila mmoja akiwa na siku moja juu ya wiki zake nne.

Walichagua ya tatu, baada ya kumpelekea mwanasheria wao. Mkurugenzi aliuliza kwa nini isiwe 24 kwa walinzi, na afisa utumishi akamjibu kabla yangu: "Mzee, mkimpa karani moja ya ziada na mlinzi mkamnyima, mtakuja kunitafuta mimi." Suala la mwaka walilimaliza kwa kuhamia Januari hadi Desemba kwa wote. Sheria inaruhusu mwajiri na waajiriwa kukubaliana mzunguko mmoja mradi haki ya mtu haipungui, hivyo kila mfanyakazi aliwekewa karatasi ya kukubali. Ile 6.7 ya kufutika ikaondoka, ikabaki 30 Juni.

Sasa kazi ikarudi kwangu, na ilikuwa ndefu kuliko kutafuta. Uamuzi mmoja wa likizo uligusa mistari kumi na moja. Ningeweza kuandika "21" na "25" sehemu zote kumi na moja, na siku ya kuzindua waraka ungekuwa unakubaliana nao wenyewe. Mwaka unaofuata bodi ikiongeza siku moja, mtu atabadilisha sehemu nane na kusahau tatu, nasi tutarudi tulikoanza. Kwa hiyo kanuni ilipewa nyumba moja tu, kifungu cha 6.1, na kwingine kote namba ikafutwa, mahali pake pakakaa "kama ilivyoelezwa katika kifungu cha 6.1". Barua ya mfano ya ajira nayo ikapoteza "ishirini na nane" yake. Fomu ndiyo iliyokuwa na ubishi, kwa kuwa mhasibu alitaka namba aione palepale anapojaza. Tulikubaliana kisanduku kibaki kitupu, kijazwe na utumishi kutoka kwenye leja.

Kifungu cha 6.1 kilisomeka hivi mwishoni: "Mfanyakazi wa siku tano kwa wiki atapata likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi. Mfanyakazi wa siku sita kwa wiki atapata siku 25 za kazi. Sikukuu ya kitaifa inayoangukia ndani ya likizo haihesabiwi. Kwa vyovyote vile likizo ya mwaka haitapungua siku 28 mfululizo." Sentensi ya mwisho aliidai mwanasheria, kwa ajili ya mtu ambaye zamu yake haiingii kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili. Mimi ningeiacha nje kwa ajili ya wepesi, na ningekosea. Kwenye tafsiri "siku" ilipewa maana moja, siku mfululizo, na popote tunapotaka nyingine tunaandika "siku ya kazi". Vifungu viwili vya kutawala vikawa kimoja, chenye ngazi: sheria kwanza, mkataba unaompa mfanyakazi zaidi pili, kanuni tatu, fomu mwisho. Fomu haikuwahi kuwa na ngazi kabla ya hapo, ingawa ndiyo iliyokuwa inatawala kila siku.

Kipindi cha mpito kilihitaji kifungu chake, vinginevyo dada wa mapokezi angepotea katikati ya miaka miwili. Tuliandika kwamba mzunguko wa zamani wa kila mtu unafungwa 31 Desemba, na siku zake za miezi iliyokwisha zinahesabiwa kwa uwiano. Kwake yeye, Septemba hadi Desemba ni miezi minne, 21 mara 4 gawa kwa 12, siku 7 za kazi, zinazotumika hadi 30 Juni. Nilimwomba mhasibu afanye hesabu hiyo kwa watu watano wenye tarehe tofauti za kuajiriwa kabla kifungu hakijapita. Wa tatu kati yao alitoa siku 12.25, tukagundua hatukuandika robo inaendaje. Ikaandikwa: juu.

Kabla ya kukabidhi, nilirudia mitafuto yote kwenye toleo jipya kwa mizizi ile ile na namba kwa sura zote mbili. `28` ilitokea mara tatu, nazo nilizikagua moja moja: moja ni ile ya 6.1, moja ni notisi ya kuacha kazi kwa anayelipwa kwa mwezi, ambayo kweli kisheria ni siku zisizopungua 28 na haihusiani na likizo. Ya tatu ilikuwa kwenye hati ya makabidhiano ya mtu anayeondoka, kiambatisho cha mwisho kabisa: "Likizo isiyotumika (kati ya 28): ....". Kwenye jedwali langu la kwanza haikuwemo, kwa sababu haikuwa sentensi. Ilikuwa nafasi ya kujaza, nami nilitoa sentensi tu. Tangu hapo mabano na visanduku huwa navitoa kwanza.

Jambo moja nililiweka kwenye ukurasa wake peke yake, nikaliandika juu kwamba liko nje ya uhariri: siku ambazo walinzi hawakupewa tangu 2016. Afisa utumishi alilisoma tukiwa tumesimama mlangoni, akaukunja ule ukurasa mara mbili, akautia kwenye mkoba wake badala ya faili. Wiki mbili baadaye mhasibu alinipigia kuuliza kama ile hesabu ya mlinzi inaanzia siku ya kuajiriwa au Januari, maana alikuwa amefungua leja za zamani na mbili za kwanza hazikuwa na tarehe.